Hotuba ya kufungua robo ya mauzo: namba kubwa bila vitisho wala makelele

*«Ni msimamizi mpya wa mauzo katika kampuni ya usambazaji wa sabuni na mafuta ya kula hapa Morogoro. Nina maafisa mauzo 8 wa pikipiki, wawili kati yao wameanza Mei. Tunauza wastani wa shilingi milioni 180 kwa mwezi, na mkurugenzi anataka kuanzia Julai hadi Septemba tufike milioni 216 kila mwezi. Jumatatu ijayo natakiwa kufungua robo kwa hotuba. Mtangulizi wangu alikuwa akituimbisha kaulimbiu, tunapiga makofi, wiki ya pili kila mtu amesahau, kisha mwisho wa mwezi anaanza kutupigia simu usiku. Sitaki kuwatisha wenzangu, na mmoja wao ni mzee aliyenifundisha kazi hii, lakini pia sitaki waone lengo ni la mchezo. Niseme nini?»*

Ondoa kwanza wasiwasi mmoja: kutaja namba kubwa waziwazi mbele ya watu si kuwatisha. Wasimamizi wengi wapole huizungukazunguka namba, huisema haraka mwishoni mwa hotuba, au huibadilisha iwe «tujitahidi kadiri tuwezavyo», wakidhani wanawahurumia watu wao. Matokeo yake ni kinyume kabisa, kwa sababu mtu aliyeambiwa ajitahidi hana namna ya kujua saa 8 mchana kama siku yake imekwenda vizuri au vibaya, na huyo ndiye anayeanza kuogopa mwezi unapokaribia kuisha.

Jambo hili limechunguzwa kwa miaka mingi na Edwin Locke na Gary Latham, watafiti wawili wa saikolojia ya kazi. Mwaka 1975 Latham na mwenzake walichapisha utafiti uliofanyika Oklahoma, Marekani, kwa madereva wa malori ya magogo ambao walikuwa wakipakia karibu asilimia 60 tu ya uzito ulioruhusiwa kisheria, ingawa walikuwa wameshaambiwa wajitahidi. Wakapewa lengo lililo wazi la asilimia 94. Hawakuongezewa fedha, na walihakikishiwa kwamba hakuna atakayechukuliwa hatua iwapo kiwango kitapanda kisha kikashuka. Baada ya miezi michache upakiaji ulipita asilimia 90 na ukabaki huko. Kilichobadilika ni kwamba dereva alipata kipimo anachoweza kukiona mwenyewe kabla gari halijaondoka, na hakuwa na sababu ya kukikimbia.

Kwa hiyo shinikizo unaloliogopa haliko katika ukubwa wa namba. Liko katika mambo mawili yanayoambatana nayo: namba isiyo na njia inayoonekana ya kuifikia, na tishio linaloelekezwa kwa mtu badala ya kazi. Mtangulizi wako alikuwa na yote mawili, kisha akayafunika kwa nyimbo. Simu za usiku hazikutokana na ukali wake tu, maana mtu ambaye hakuwaonyesha wenzake njia mwanzoni mwa mwezi hana kingine cha kuwapa mwishoni isipokuwa kelele.

Dhana ya pili ninayotaka kuirekebisha pengine utaambiwa na mtu kabla ya Jumatatu: kwamba ili watu walikubali lengo ni lazima walipange wenyewe. Watafiti waliwahi kubishana sana juu ya hili. Miriam Erez wa Israel alikuwa akipata kwamba malengo yanayotolewa na bosi hufanya vibaya kuliko yale yaliyopangwa kwa pamoja, na Latham alikuwa akipata kwamba hayana tofauti kubwa. Mwaka 1988 walichapisha majaribio waliyoyabuni pamoja, Locke akiwa mpatanishi wao, na wakagundua chanzo cha mgongano. Katika majaribio ya Erez lengo lilitolewa kwa maneno machache makavu, wakati katika majaribio ya Latham aliyelitoa alieleza sababu yake. Lengo lililotoka juu likiwa na maelezo ya sababu lilifanya kazi karibu sawa na lile lililoafikiwa na wote.

Hii ni nafuu kubwa kwako, kwa sababu milioni 216 zimeshaamuliwa na huna mamlaka ya kuzipigia kura. Ukiwaita maafisa wako na kuwauliza «tuweke ngapi?» huku jibu liko mfukoni, watakujua, na yule mzee atakujua kwanza. Sema wazi kwamba limetoka kwa mkurugenzi, kisha eleza kwa nini. Ila ili ueleze sababu ni lazima uwe nayo, kwa hiyo kazi ya kwanza ya wiki hii ni kwenda kwa mkurugenzi na kumuuliza kwa heshima: kwa nini asilimia 20 na si 10, fedha hizo zinahitajika kwa jambo gani, na yeye ataweka nini upande wake. Inaweza kuwa ni marejesho ya mkopo wa gari, au kiwanda kimetishia kumpa msambazaji mwingine baadhi ya wilaya zenu, au bei ya mafuta ya pikipiki imekula faida. Sababu yoyote ya kweli, hata isiyopendeza, inabeba lengo vizuri kuliko «kwa sababu tunaweza».

Kazi ya pili ni hesabu, na hapa ndipo nguvu ya hotuba nzima inapotoka. Hukunitajia takwimu za ruti zenu, kwa hiyo nitatumia mfano unaofanana na kazi nyingi za aina hii, nawe utaweka zako. Tuseme kila afisa anapita maduka 20 kwa siku, Jumatatu hadi Jumamosi, na mwezi una siku 25 za kazi. Afisa mzoefu anapata oda 10 katika maduka hayo 20, kila oda wastani wa shilingi 100,000. Hiyo ni milioni 1 kwa siku na milioni 25 kwa mwezi. Wazoefu 6 wanaleta milioni 150. Wale wawili wa Mei wanapata oda 6 kwa siku, yaani milioni 15 kila mmoja kwa mwezi, na wote pamoja mnafika milioni 180.

Sasa 216 inakuwaje? Wazoefu wakifika milioni 30 kila mmoja na wageni milioni 18, mnafika hapo hapo. Kwa mzoefu, milioni 30 ni milioni 1 na laki 2 kwa siku, maana yake ni oda 12 badala ya 10, au oda 11 ambazo kila moja imeongezewa katoni ndogo ya sabuni ya unga. Kwa mgeni ni oda 7 badala ya 6, na kila siku chache moja zaidi. Ukisema «ongezeko la milioni 36» mbele ya watu wanane, mabega yanashuka. Ukisema «maduka mawili kati ya yale kumi ambayo leo yanakusalimia tu», kila mmoja anaanza kuyataja maduka hayo kichwani kwa majina, na hapo ndipo uchangamfu wa kweli unapoanza.

Usiishie hapo. Chukua vitabu vya oda vya miezi miwili iliyopita na uhesabu kwa nini maduka mengine hayakununua. Sababu huwa chache: mwenye duka hakuwapo, duka lina deni ambalo halijalipwa, mshindani alipita jana yake, au bidhaa haikuwapo stoo. Hii ya mwisho itazame kwa makini, kwa sababu ndiyo pekee ambayo afisa wa pikipiki hawezi kuitatua. Tuseme mwishoni mwa mwezi sabuni ya mche inaisha kwa siku 4, na katika siku hizo kila mmoja anapoteza nusu ya oda zake. Kwa mzoefu ni oda 5 kwa siku, yaani milioni 2 katika siku hizo 4, na kwa wazoefu 6 ni milioni 12. Wageni wawili wanapoteza milioni 2 na laki 4. Jumla ni milioni 14 na laki 4, sawa na asilimia 40 ya ongezeko lote unalotakiwa kuwaomba.

Ukimpelekea mkurugenzi karatasi yenye hesabu hiyo kabla ya Jumatatu, una hoja ya nguvu kuliko ombi lolote la kupunguziwa lengo. Mwombe ahadi moja ndogo inayopimika, kwa mfano stoo ihesabiwe kila Alhamisi na oda ya kiwandani itumwe kabla akiba haijashuka chini ya mauzo ya siku 6. Hotuba inayowadai watu oda mbili zaidi huku ikinyamazia stoo tupu itasikika kama dharau, hata ukiisoma kwa sauti tamu kiasi gani.

Kuna njia nyingine ambayo mkurugenzi anaweza kuikubali, nayo ni kupandisha kwa ngazi: Julai milioni 196, Agosti 216, Septemba 236. Jumla ya robo ni ile ile milioni 648. Faida yake ni kwamba watu wanapata mwezi mmoja wa kujenga tabia mpya. Hasara yake ni kwamba Julai ikiteleza, Septemba inakuwa mlima, na shinikizo ulilolikwepa mwanzoni linarudi likiwa kubwa zaidi. Kwa mazingira yenu mimi naegemea kutotumia ngazi, kwa sababu katika vijiji vya mpunga Julai ni kipindi ambacho fedha za mavuno zinazunguka madukani, na ni vibaya kuomba kidogo wakati mteja ana uwezo. Hata hivyo, kama barabara za ruti zako zinachelewa kukauka baada ya masika, wewe unazijua kuliko mimi.

Kuhusu wageni wawili, usiwape lengo la fedha peke yake. Mwaka 1989 Ruth Kanfer na Phillip Ackerman walichapisha utafiti juu ya wanafunzi wa Jeshi la Anga la Marekani waliokuwa wakijifunza kazi ya kuongoza ndege kwa kompyuta, na waliona kwamba kupewa lengo la matokeo mapema mno, wakati akili bado inahangaika kuielewa kazi, kuliwapunguzia ufanisi. Kwa mtu wa miezi miwili kwenye ruti, lengo linalofaa kwa wiki 6 za kwanza ni la kujifunza: ajue maduka yake yote 120, amfahamu anayefanya uamuzi wa kununua katika kila duka, ajue siku ambayo duka hilo hupata fedha na siku ambayo mshindani hupita. Milioni 18 ibaki kwenye hesabu yako kama matarajio, lakini yeye mpime kwa daftari lake.

Naye mzee aliyekufundisha kazi asikutane na namba hiyo kwa mara ya kwanza Jumatatu akiwa amekaa pamoja na vijana. Mfuate Ijumaa, ikiwezekana kwenye ruti yake na si ofisini, mwamkie kama ulivyokuwa ukimwamkia siku zote, mwonyeshe hesabu na umwombe akuambie ni wapi imekosewa. Hii si hila ya kumbembeleza. Ana uwezekano mkubwa wa kukuonyesha kosa halisi, kwa mfano kwamba maduka 20 kwa siku hayawezekani kwenye ruti yenye kilomita nyingi za vumbi, na utalirekebisha kabla hujaaibika. Siku ya hotuba usimtumie kama mfano wa kuigwa wala usimpe kazi ya kuwasema wenzake, maana jambo hilo litamfanya aonekane mtu wa ofisi.

Sasa hotuba yenyewe. Isizidi dakika 12, iandikwe, isomwe mara mbili nyumbani kwa sauti, na namba zake zote ziwe ubaoni ili watu wasihangaike kuzikumbuka. Nakuandikia kiini chake kwa namna ambayo mimi ningeisema, ukichukulia kwamba mkurugenzi ametoa ile ahadi ya stoo na kwamba sababu ya ongezeko ni gari jipya la kusambazia. Kama sababu yenu ni nyingine, weka hiyo.

«Wazee wangu, shikamoo. Ndugu zangu, habari za asubuhi.

Aprili na Mei mvua ilitukatia barabara, na bado tumefunga robo kwa wastani wa milioni 180 kwa mwezi. Wiki iliyopita nilikaa na vitabu vya oda. Nimeona kwamba wengi wetu tunapita maduka 20 kwa siku na 10 yanatupa oda. Kumi mengine tunasalimiana nayo. Leo nataka tuzungumze juu ya hayo kumi.

Lengo la robo hii ni milioni 216 kwa mwezi. Limepangwa na mkurugenzi, na sitajifanya kwamba tumelipanga sote. Sababu yake ni hii: gari la pili limeshanunuliwa kwa mkopo na marejesho yanaanza Julai. Tukibaki kwenye 180, marejesho yatakula bajeti ya mafuta yetu na bonasi ya mwisho wa mwaka. Niliomba nionyeshwe hesabu, nikaonyeshwa, na naamini lengo linafikika. Tazameni ubaoni.

Kwa aliyezoea ruti yake, ni oda 12 kwa siku badala ya 10. Maduka mawili kati ya yale kumi. Kwa walioanza Mei, wiki 6 za kwanza sitawauliza fedha, nitaomba kuona daftari la maduka yenu 120.

Kuna jambo linalotuangusha ambalo si kosa lenu. Mwisho wa mwezi sabuni ya mche inaisha stoo, na kwa hesabu yangu tunapoteza zaidi ya milioni 14. Mkurugenzi amekubali stoo ihesabiwe kila Alhamisi na oda itoke mapema. Ikitokea tena mzigo umeisha, siku hizo hazitahesabiwa dhidi ya mtu.

Atakayekuwa nyuma kwa wiki mbili mfululizo, nitapanda naye pikipiki tuipite ruti yake siku nzima, tutafute pamoja kinachokwamisha. Simu ya kuulizia lengo haitapigwa usiku. Nami nina ombi moja: msimbebeshe mwenye duka mzigo ambao hakuuomba ili namba ipendeze. Namba ndogo ya kweli nitaitetea kwa mkurugenzi. Ya uongo siwezi.

Nimemaliza upande wangu. Kila mmoja achukue karatasi, aandike mambo mawili ambayo anaona yatamzuia kufika kwenye oda 12, bila kuweka jina. Baada ya chai tutayasoma yote.»

Angalia kwamba hakuna kaulimbiu humo. Mimi si adui wa kaulimbiu, na kama timu yenu ina wimbo wake wa siku nyingi uimbwe tu, lakini kaulimbiu haina cha kumwambia mtu aliyesimama mbele ya duka lililofungwa. Ukitaka neno moja la kubaki vichwani mwao, litatoka lenyewe kwenye hesabu. Timu iliyosikia hotuba ya namna hii huanza kuulizana jioni «leo umepata mbili zako?», na hakuna mtunzi wa matangazo ambaye angewaandikia bora zaidi.

Zile karatasi ni sehemu ya hotuba, usizifute muda ukiwa mfupi. Kuandika bila jina kunawapa sauti wale ambao hawatasema mbele ya wazee, nawe unapata orodha ya vikwazo siku ya kwanza badala ya kuisikia kama visingizio siku ya 28. Zisome zote, hata ile itakayosema kwamba msimamizi mpya hana uzoefu. Zile unazoweza kuzitatua wiki hiyo hiyo zipe tarehe papo hapo, nyingine sema utazipeleka kwa nani, na zile zisizotatulika, kama umbali wa ruti, zikubali kwa maneno.

Kuna ahadi mbili katika hotuba hiyo ambazo usizitoe kama huna uhakika nazo: ile ya siku za stoo tupu kutohesabiwa, na ile ya simu. Mkurugenzi akikataa ya kwanza, iondoe kabisa na useme tu kwamba umeomba na bado hujajibiwa. Ahadi moja ikivunjika Agosti, hotuba ya Oktoba haitasikilizwa hata ikiwa nzuri mara tatu.

Zawadi sikuitaja, kwa makusudi. Utashawishika kutangaza televisheni kwa atakayeongoza. Katika timu ya watu 8 kila mtu anajua ni nani ataichukua, kwa kawaida mwenye ruti ya mjini, na wengine saba hawana sababu ya kukimbia mbio ambazo mshindi wake anajulikana. Kama kuna fedha ya zawadi, igawe kwa kila atakayefika kwenye lengo lake mwenyewe.

Baada ya Jumatatu, lengo litaishi au kufa kulingana na kipimo cha kila wiki, kwa sababu namba isiyorudishwa kwa watu hupotea hata kama waliipokea vizuri. Kila Jumatatu asubuhi tumia dakika 10 ukiwa umesimama ubaoni, na andika wastani wa oda kwa siku, usiandike fedha. Oda ndicho kitu ambacho afisa anaweza kukibadilisha kesho, ilhali fedha ni matokeo yanayochelewa. Andika wastani wa timu ubaoni, na wa mtu mmoja mmoja umpe mwenyewe kwenye karatasi yake. Najua kampuni nyingi hubandika majina yote kwa mpangilio wa juu hadi chini. Kwa timu changa yenye wageni na wazee pamoja, orodha hiyo huwaaibisha wa chini na haiwasaidii kujua la kufanya.

Sasa nikueleze namna ya kutambua kwamba shinikizo limerudi bila wewe kujua, maana hakuna atakayekuja kukuambia. Chukua mauzo ya mwezi na utazame siku 6 za mwisho. Katika mwezi wa siku 25 za kazi, siku hizo zinapaswa kuwa na karibu robo ya mauzo. Ukiona zimebeba asilimia 40 au zaidi, kisha wiki ya kwanza ya mwezi unaofuata imelala, na mizigo inarudishwa au madeni ya mali kauli yanaongezeka, fahamu kwamba maafisa wanawapa wenye maduka marafiki zao mzigo wa ziada ili namba itimie. Mauzo hayo umeyakopa kutoka mwezi ujao, na mengine hutayaona kamwe. Ikitokea hivyo, usianze na adhabu. Rudi kwenye hesabu ya ruti uone kama oda 12 zinawezekana kweli, na uangalie kama kamisheni yenu inalipa kitu kikubwa kwa aliyefika milioni 30 na haimpi chochote aliyefika 29. Mpangilio huo peke yake unatosha kumfanya mtu mwaminifu atafute njia ya mkato.

Hili si la wauza sabuni pekee. Benki ya Wells Fargo ya Marekani iliwahi kuweka lengo la kila mteja kuwa na huduma 8, ikalitungia kaulimbiu yenye vina juu ya hiyo namba nane, na wafanyakazi wa matawi wakafuatiliwa kila siku. Septemba 2016 benki hiyo ilitozwa faini ya dola milioni 185 baada ya kubainika kwamba huenda akaunti zipatazo milioni 2 zilifunguliwa bila wateja kuidhinisha, na wafanyakazi wapatao 5,300 walikuwa wameachishwa kazi kwa vitendo hivyo. Namba nane haikuchaguliwa kwa sababu ya hitaji lolote la mteja, na aliyesema haifikiki hakusikilizwa.

Mwisho, yapo mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi. Kama baada ya kuhesabu ruti unaona hata mzoefu wako bora hawezi kufika oda 11, usitoe hotuba kwanza. Omba mtu mwenye uzoefu wa usambazaji, awe meneja wa eneo wa kiwanda mnachochukua bidhaa au msimamizi mstaafu, apite na maafisa wako ruti mbili kwa siku mbili, kisha mkae pamoja na mkurugenzi. Kama vitabu vinaonyesha oda za maduka yasiyokuwapo au fedha zilizokusanywa na kutowasilishwa, hilo ni la mhasibu na mkaguzi, na hotuba ya hamasa juu yake itaharibu ushahidi na urafiki kwa pamoja.

Na kama mkurugenzi atakutaka utangaze Jumatatu kwamba asiyefika lengo atakatwa mshahara, au kwamba madeni ya maduka yatalipwa kutoka mfukoni mwa afisa, usilitamke. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka masharti juu ya makato ya mshahara, na inamtaka mwajiri ashauriane na mfanyakazi anapobadilisha masharti ya kazi yake yaliyoandikwa. Mwombe mkurugenzi mwende kwanza kwa afisa kazi wa mkoa au kwa wakili, mkiwa na nakala za mikataba ya maafisa wote 8.